Oveni ya mezani ya lita 30 na makaruni ya nazi: uzoefu wangu wa miezi miwili

Nilinunua oveni hii kwa laki moja na themanini elfu kwa sababu moja tu: makaruni ya nazi. Shemeji yangu alinionjesha yake siku ya Idi, ya kahawia mviringo mzima, nje yanavunjika, ndani laini, nikaona kashata zangu za jikoni zimepata mwenzao. Ni oveni ya umeme ya wati 1500, ina koili mbili juu na mbili chini, swichi ya kuchagua juu, chini au zote, na mlango wa kioo. Kuku inachoma vizuri na mkate inaoka bila shida. Makaruni ndiyo yaliyonionyesha kasoro yake.

Awamu ya kwanza nilifuata njia rahisi ya maziwa mazito ya kopo. Gramu 200 za nazi kavu ya pakiti, gramu 200 za maziwa, vanila kidogo na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Unakoroga kwa mwiko, unachota kwa kijiko, basi. Nilichonga vidonge kama mapia kwa uzuri wa macho, nikaweka kitasa kwenye 180. Dakika ya kumi na mbili nyumba nzima inanukia sukari iliyoungua. Ncha zilikuwa nyeusi, ubavu wa nyuma kahawia, ubavu wa mlangoni mweupe kama vilivyoingia. Kila donge lilikuwa limezungukwa na duara la sukari iliyochuruzika na kugeuka gundi nyeusi, na nilipojaribu kuinua moja la moto likameguka katikati, chini likabaki kwenye trei.

Kuna mambo mawili hapo, na mwanzoni niliyachanganya. Moja ni langu, moja ni la oveni.

La kwangu ni kiunganishi. Maziwa ya kopo karibu nusu yake ni sukari. Yanashika nazi kwa kunata, hayagandi kwa moto kama yai, ndiyo maana donge likiwa la moto ni tepetepe na linataka kupoa palepale kwenye trei kabla hujaligusa. Tena hiyo sukari pamoja na protini ya maziwa hushika rangi upesi sana, chini kunaungua kabla katikati hakujakauka. Ute wa yai ni kinyume chake: ukipata moto unaganda, unaifunga nazi, donge linasimama. Nilijaribu ute peke yake: ute wa mayai mawili, sukari gramu 75, nazi gramu 120 na chumvi. Vyote nikaviweka kwenye sufuria juu ya moto mdogo, nikakoroga dakika sita hivi mpaka sukari ikayeyuka na mchanganyiko ukaanza kuwa mzito na kuacha alama ya mwiko chini ya sufuria. Hatua hiyo usiiruke. Ukichanganya baridi, sukari inabaki chenga, ute unatiririka chini, unapata kimkate cheupe cha yai chini ya kila donge. Yalitoka mazuri, ganda linalia kwa meno, lakini siku ya pili yalikuwa yamekauka kuliko ninavyopenda.

Sasa natumia vyote viwili. Nazi gramu 200, maziwa ya kopo gramu 150, ute wa yai moja uliopigwa kwa uma mpaka unatoa povu jepesi. Maziwa yanaleta ulaini, ute unalifanya donge lisimame. Ukishachanganya, acha nusu saa, nazi kavu inywe. Kisha bana donge mkononi: likishikana na kiganja kikabaki na unyevu mdogo tu, liko sawa. Likiacha maji matamu kati ya vidole, ongeza nazi kijiko kimoja kimoja, la sivyo litachuruzika kwenye trei.

Kuhusu nazi yenyewe, kwetu Tanga nazi haiishi uani, nikaona kwa nini ninunue ya pakiti. Nazi mbichi iliyokunwa kwenye mbuzi karibu nusu yake ni maji, na ukiitia kwa vipimo hivyohivyo unapata uji. Nilichofanya ni kuitandaza kwenye trei, oveni kwenye 100, nikiigeuza kila mara mpaka ikaacha kushikana. Gramu 300 zilibaki kama 170. Harufu yake inaipita ya pakiti mbali sana. Mama mkwe alishauri nitumie chicha iliyobaki baada ya kukamua tui, isitupwe. Nilijaribu kwa heshima yake. Haifai: mafuta yameondoka na tui, unatafuna nyuzi tu.

Tuje kwenye oveni. Nilinunua kipimajoto kidogo cha kutundika ndani. Kitasa kikiwa 180, baada ya dakika ishirini kilisoma 205, kikashuka hadi 170 koili zilipozima, kikapanda tena. Kisha nikapanga vipande sita vya mkate mweupe juu ya waya, nikawasha dakika nane. Mkate ulinichorea ramani: kona ya nyuma kulia kahawia iliyokolea, katikati rangi ya asali, safu ya mlangoni haijabadilika kabisa. Kama una oveni ya aina hii na makaruni yanakutoka kwa madoa, anza na mkate kabla hujalaumu mapishi.

Baada ya hapo nilibadilisha haya. Kitasa nakiweka 150, ambayo kwenye oveni yangu ni kama 165 halisi, na naiwasha dakika ishirini kabla. Koili zote, za juu na za chini. Waya wa katikati. Trei iliyokuja na oveni ni nyeusi na nyembamba, inanyonya moto, hivyo naweka trei mbili moja juu ya nyingine na karatasi ya kuokea juu yake. Hiyo pekee ilimaliza weusi wa chini. Mapia nimeyaacha, sasa ni madonge ya mviringo ya kijiko kimoja, kama gramu 25, na nalowesha vidole kugandamiza kila uzi wa nazi uliochomoza, maana uzi uliosimama peke yake ndio unaoungua kwanza. Kwenye kona ya nyuma kulia siweki kitu. Dakika ya kumi na mbili naizungusha trei, wa nyuma wanakuja mlangoni. Dakika ya ishirini na mbili hivi rangi ni ya dhahabu, na nikiinua moja kwa kisu chini pana rangi ileile ya juu.

Kwa hiyo ninaipa nyota tatu kati ya tano. Nyota mbili nimezikata kwa kitasa kinachodanganya kwa digrii 25 na kwa mlango usioziba vizuri. Nimerudi dukani, wakaniambia zote ndivyo zilivyo na hawabadilishi. Anayetaka kuoka mikate na kuku atafurahi nayo. Anayetaka kuuza makaruni kwa oda ajue trei inaingia vidonge kumi na vinne kwa awamu ukiiacha ile kona, na kila awamu, pamoja na kupoza robo saa kwenye trei, ni dakika arobaini. Kwa oda ya mia moja mwezi uliopita nilianza baada ya alfajiri, nikamaliza adhuhuri imeshaadhiniwa.