Mama alikataa mabega: uzoefu wangu na mwongozo wa mkao

Juzi hapa Kondele mteja wangu, mama wa makamo, alisukuma picha mezani akaniambia, "Mwanangu, uso huu ni wa kijana wangu. Lakini mabega ni ya mpwa wangu." Huduma ya mtandaoni iliyomwingiza kijana kwenye picha hiyo kwa akili bandia nilikuwa nimeilipia mwezi mzima, na kosa lake likagunduliwa na mzazi kwa kutupa jicho mara moja. Sijasahau, na sitaki kusahau.

Picha yenyewe ilipigwa ufuoni Dunga. Mama ameketi kwenye kiti, mpwa wake amechuchumaa kando, mkono wa kulia umepita nyuma ya kiti, wa kushoto umelala juu ya mkono wa mama. Kijana wake alikuwa kazini Mombasa, hakufika. Kijana na mpwa walikubaliana: mpwa atoe nafasi, kijana aingizwe akiwa amechuchumaa vilevile.

Kazi hii bila mwongozo wa mkao, yaani kitu cha kuiambia kompyuta mtu akae vipi, haifanyiki. Nilipojaribu bila huo mwongozo, niliweka `Denoising strength`, kiasi cha picha kuchorwa upya, kwenye 0.4, mkao ukabaki, lakini mpwa naye akabaki, sura imeguswa kidogo tu. Nikapandisha hadi 0.9, mpwa akaondoka, ila aliyekuja mahali pake alikuwa amesimama. Ndipo inapohitajika `OpenPose`. Inasoma picha na kuweka vitone 18 kwenye pua, macho, masikio, shingo, na viungo kuanzia mabega hadi vifundo vya miguu, kisha inaviunganisha kwa vijiti vya rangi. `ControlNet` ndiyo inayoibana difyusheni, ile akili bandia inayochora picha, ichore mtu mpya juu ya mifupa hiyo. Uso nao unatoka kwenye picha za kijana kupitia `IP-Adapter`.

Sasa sikia uovu wa huduma ile: mifupa haionyeshwi kabisa. Unapandisha picha, unasubiri, unapewa jibu. Nilipoandika kulalamika, mhudumu akanijibu, "Mfumo uko sawa, tatizo ni picha yako." Hakuuliza hata swali moja! Ninayemhudumia mimi ni mama aliyekuja kwa matatu na picha ameifunga kwenye leso, halafu mtu ananijibu namna hiyo? Siku hiyo ningemwambia kila mpiga picha wa Kisumu aachane na mambo ya mkao moja kwa moja.

Usiku nikafanya kazi ile upya kwenye kompyuta yangu, nikaitazama mifupa kwa macho yangu. Mhudumu alikosea, ila na mimi nilikuwa nalaumu kitu kisichohusika. `OpenPose` ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa. Mifupa haichukui mkao peke yake. Inabeba pia urefu wa mikono na upana wa mabega ya yule aliyepigwa picha. Mpwa ana kifua kipana, kijana ni mwembamba. Ukivalisha mifupa ya mpwa uso wa kijana, unapata kile alichokiona mama.

Dawa yake ni kusogeza vitone kabla ya kuchora. Nilichukua picha ya kijana akitazama kamera, nikapima umbali kati ya mabega na kuugawa kwa umbali kati ya masikio: 2.2. Kwa mpwa, ambaye pia alitazama kamera, mabega yalikuwa pikseli 156 na masikio 60, yaani 2.6. Kwa hiyo kijana alihitaji pikseli 132. Nikabonyeza `Edit`, nikaingiza kila bega pikseli 12 ndani, na kiwiko kikafuata. Kifundo cha mkono wa kushoto sikukigusa, kwa maana kikisogea tu, mkono unateleza kutoka kwa mama.

Kulibaki mkono wa nyuma ya kiti. Kifundo chake hakionekani, kwa hiyo hakikupata kitone, na difyusheni ikabuni mkono unaopita mbele ya kiti. Nikaongeza kitone kwa mkono wangu, bado ukapita mbele, kwa sababu vijiti havijui kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Kilichosaidia ni kuichora upya barakoa, ile alama ya eneo la picha linaloruhusiwa kubadilishwa: imfunike mpwa mzima, hata yale mabega yake mapana, lakini iache kiti na mkono wa mama nje. Mahali pasipo na barakoa hapachorwi.

Nilitaka kutoa nyota moja. Huduma ile ya kulipia nyota moja naishikilia, na siibadilishi mpaka waonyeshe mifupa. Lakini mwongozo wa mkao wenyewe, ukiufanyia kazi mwenyewe, naupa nne. Au tatu, kwa sababu ya vidole: vya mkono wa kushoto nilivirudia mara kumi na moja. Mama alipoiona picha ya pili alipitisha kidole kwenye bega la kijana wake, akanyamaza kidogo, akaniuliza nakala tatu zitakuwa pesa ngapi.