Maikrofoni ya Kwanza ya Podikasti na Matangazo Mubashara: Ipi Itangulie, na Irekebishwe Vipi

Anayenunua maikrofoni kwa mara ya kwanza kwa kawaida huuliza ni ipi yenye sauti nzuri, ilhali swali lenye faida zaidi ni hili: maikrofoni hiyo itakaa umbali gani kutoka kinywani mwake? Mpangilio wa mwongozo huu umefuata kigezo hicho. Nimechukulia kwamba mnunuzi ana kompyuta ya kawaida na chumba chenye kuta tupu, na kwamba feni inavuma mahali fulani.

Sauti itokayo kinywani hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili, lakini mwangwi wa chumba umeenea kila pembe kwa kiwango kinachokaribia kuwa kimoja. Tuseme maikrofoni imesimama mezani nyuma ya kibodi, sentimita 60 kutoka kwa msemaji. Ikisogezwa hadi sentimita 30, sauti ya msemaji huongezeka kwa desibeli 6, na ikifika sentimita 15 ongezeko linakuwa desibeli 12, wakati mwangwi na feni vimebaki vilivyokuwa. Sasa msemaji anaweza kushusha ukuzaji wa sauti kwa desibeli 12 ili arudi kwenye kiwango chake cha awali, na mwangwi na feni vitashuka pamoja nao. Rekodi imesafishwa bila kununuliwa kitu chochote.

Kwa sababu hiyo sikubaliani kikamilifu na kauli inayorudiwa sana kwamba maikrofoni za dainamiki hazisikii chumba na zile za kondensa husikia kila kitu. Zikiwekwa umbali mmoja, na zote zikiwa za aina inayopokea sauti ya mbele na kupunguza ya nyuma, tofauti yao katika jambo hili ni ndogo. Kinachotofautiana ni matumizi: dainamiki ni hafifu kiasi kwamba humlazimisha msemaji aisogelee, na kondensa, kwa wepesi wake wa kupokea, humruhusu akae mbali bila kugundua kosa hadi asikilize rekodi. Mimi mwenyewe nilianza na kondensa niliyoiweka kando ya skrini, na vipindi vyangu vitatu vya mwanzo vilisikika kana kwamba nilikuwa nazungumza ndani ya pipa.

Ya kwanza: dainamiki yenye matundu mawili, USB na XLR

Kwa msemaji mmoja, hili ndilo chaguo ninalolitanguliza bila kusita. Mifano inayojulikana ni Samson Q2U na Audio-Technica ATR2100x-USB. Kebo ya USB huichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, na siku msemaji atakapohitaji mtambo mkubwa zaidi, tundu la XLR, lile la kebo ya pini tatu, litaipeleka maikrofoni ile ile kwenye kadi ya sauti ya nje, yaani kisanduku kinachounganisha maikrofoni na kompyuta. Zote mbili zina tundu la hedifoni linalomwezesha msemaji kujisikia papo hapo, bila kuchelewa kunakotokea sauti inapopitia kwanza kwenye kompyuta. Tundu hilo lisidharauliwe, kwani asiyejisikia wakati anarekodi hugundua kebo iliyolegea baada ya mgeni kuondoka.

Stendi ndogo inayokuja na maikrofoni hizi mara nyingi huwa fupi, na msemaji huishia kuinama au kuiacha chini karibu na kibodi. Fedha ikibaki, inunue mkono wa kushikilia unaofungwa ukingoni mwa meza pamoja na sifongo ya kuzuia pumzi, kabla ya kufikiria maikrofoni ya bei kubwa zaidi.

Ya pili: dainamiki ya XLR na kadi ya sauti ya nje

Njia hii inapanda hadi nafasi ya kwanza pale ambapo wasemaji ni wawili katika chumba kimoja. Maikrofoni mbili za USB kwenye kompyuta moja huleta usumbufu ambao wauzaji hawautaji: kila moja ina saa yake ya ndani, na saa mbili haziendi sawa kabisa, hivyo katika mazungumzo marefu sauti moja huanza kuitangulia nyingine. Isitoshe, Audacity, programu ya kurekodi nitakayoitumia hapa chini, hurekodi kutoka kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja. Kadi yenye matundu mawili ya XLR huondoa matatizo yote mawili, kwa kuwa kompyuta inaiona kama kifaa kimoja chenye njia mbili.

Shure SM58, ambayo ipo sokoni tangu 1966, inatosha kabisa kwa kazi hii. Wengi hutamani SM7B kwa kuwa wameiona mbele ya watangazaji mashuhuri, lakini maikrofoni hiyo ni hafifu sana na huhitaji ukuzaji wa desibeli 60 hivi. Kadi ndogo ikifikishwa kwenye ukomo wake hutoa mvumo unaofanana na redio isiyo na stesheni, na mnunuzi hulazimika kurudi dukani kutafuta kikuza sauti cha ziada. Haifai kuwa ya kwanza.

Ya tatu: maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo

Kwa anayetangaza mubashara akiwa amesimama au akionyesha kitu kwa mikono, hii ndiyo njia ya kuiweka maikrofoni karibu bila kuishika. Ibanwe kifuani, karibu shibiri moja chini ya kidevu, mahali ambapo kola wala mkufu hautaigusa. Nyingi za aina hii hupokea sauti kutoka pande zote, kwa hiyo chumba kitasikika zaidi kuliko katika chaguo mbili zilizotangulia.

Ya nne: kondensa ya USB ya mezani

Haiko hapa kwa sababu ni mbovu, bali kwa sababu hununuliwa na watu wanaotaka kuiweka mbali. Anayekubali kuisogeza hadi sentimita 15 atapata sauti yenye undani mwingi. Achunguze pia upande wa kuzungumzia: Blue Yeti, kwa mfano, hupokea sauti kutoka ubavuni, lakini watu wengi huilaza na kuielekezea kichwa chake kinywani, kisha hulalamika kwamba sauti ni nyembamba. Vilevile ina swichi ya kuchagua pande za kupokea sauti. Msemaji mmoja achague alama inayofanana na moyo.

Maikrofoni iliyomo ndani ya kompyuta siipi nafasi yoyote.

Kuweka kiwango

Weka maikrofoni sentimita 10 hadi 15 kutoka kinywani, kidogo kando, ili pumzi ya herufi "p" na "b" ipite pembeni yake. Ukisogea hadi sentimita 5 au chini ya hapo, besi hufura na maneno huwa mazito.

Fungua Audacity, chagua maikrofoni yako chini ya `Audio Setup`, na uzungumze kwa sauti ile utakayoitumia kwenye kipindi, si sauti ya kujaribia, ambayo daima huwa ya chini. Zungusha kitufe cha `Gain` kwenye maikrofoni au kadi, au, kwa maikrofoni isiyo na kitufe hicho kama Q2U na ATR2100x-USB ikiwa kwenye USB, sogeza kidhibiti cha maikrofoni katika mipangilio ya sauti ya kompyuta, hadi vilele vya mazungumzo ya kawaida vifike karibu -12 dB kwenye mita. Kisha cheka kwa nguvu. Kicheko kinaweza kuzidi mazungumzo kwa desibeli 8 au 9, na hivyo kitafika -4 au -3, bado chini ya sifuri. Kama ungekuwa umepanga mazungumzo yenyewe yafike -5, kicheko hicho kingegonga sifuri, vichwa vya mawimbi vingekatwa, na sauti ingepasuka. Ukifungua `View` na kuchagua `Show Clipping in Waveform`, sehemu zilizogonga ukomo huonekana kwa mistari myekundu.

Lipo kosa moja ambalo mistari hiyo haiwezi kulifichua. Kitufe cha kwenye kadi kikiwa juu mno na kidhibiti cha ndani ya kompyuta kikiwa chini, sauti hupasuka ndani ya kadi, kisha hushushwa, na mita huonyesha kiwango kinachopendeza. Dalili yake ni mawimbi yenye vichwa bapa yaliyo mbali na sifuri, au taa nyekundu inayomweka kwenye kadi yenyewe. Dawa ni kushusha kitufe cha mwanzo kwenye njia ya sauti. Zima pia marekebisho ya kiotomatiki ya mfumo wa kompyuta, pamoja na yale ya programu za mikutano ya video zilizo wazi, kwa sababu baadhi yake hupandisha na kushusha kiwango cha maikrofoni bila kukuarifu.

Rekodi ya -12 dB itasikika ya chini ukilinganisha na vipindi vya wengine, na haifai kukutia wasiwasi. Baada ya kuhariri, tumia `Loudness Normalization` ya Audacity, inayopima kwa LUFS, yaani ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia: -16 LUFS kwa faili la stirio, au -19 kwa faili la njia moja ukiwa umeondoa alama kwenye `Treat mono as dual-mono`.

Programu

Kwa podikasti ya kurekodiwa, Audacity ni ya bure na inatosha. Mwenye Mac anaweza kuanza na GarageBand. Kwa matangazo mubashara nachagua OBS Studio, nayo pia ni ya bure. Katika mita yake, rangi ya njano huanzia -20 dB na nyekundu -9 dB, kwa hiyo mazungumzo yakae kwenye njano, na nyekundu iguswe na vicheko tu. Kwa kuwa mubashara hauna nafasi ya kuhariri, ongeza kichujio cha `Limiter` kwenye maikrofoni na ukiweke -3 dB, kiwe breki ya dharura. Hakitaokoa sauti iliyokwisha kupasuka kabla ya kukifikia.

Ukisikia sauti yako ikiwa na uwazi ndani yake, kama mtu azungumzaye kupitia bomba, kagua kama maikrofoni imeingizwa mara mbili: mara moja kwenye `Settings` chini ya `Audio`, na mara ya pili kama chanzo ndani ya onyesho. Ondoa mojawapo.

Linabaki suala la midomo kutoendana na maneno, kwa kuwa picha ya kamera mara nyingi huchelewa kuliko sauti. Rekodi sekunde chache ndani ya OBS ukipiga kofi mbele ya kamera, kisha itazame rekodi hiyo picha moja baada ya nyingine. Kwa kasi ya picha 30 kwa sekunde, kila picha ni milisekunde 33. Kofi likisikika picha 4 kabla ya viganja kukutana, fungua `Advanced Audio Properties` na uandike 130 kwenye `Sync Offset` ya maikrofoni, kisha upige kofi tena. Ukibadilisha kamera au kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, rudia kipimo hicho, kwa maana namba ya zamani haitakuwa sahihi.