Plagi janja au taima? Kipi ununue, na vifaa gani usivichomeke kabisa

Mtu akiniomba ushauri kabla ya kununua plagi janja, ile inayowashwa na kuzimwa kwa simu, namuuliza swali moja kwanza: umeme ukikatika saa 8 usiku ukarudi saa 9 wote mmelala, unataka kifaa chako kiwe kimewaka au kimezima? Wengi huwa hawajawahi kulifikiria. Wanaulizia bei, wanaulizia kama kinawashwa kwa simu. Lakini kwenye nyumba ambazo umeme hukatika na kurudi bila taarifa, jibu la swali hilo ndilo linalotenganisha kifaa kizuri na kibaya, na ndilo nililotumia kupanga orodha hii.

Namba 1: taima ya dijitali yenye betri ndani

Ni kile kiboksi chenye kioo kidogo na vitufe, unakichomeka kwenye soketi halafu kifaa chako unakichomeka juu yake. Hakina wai-fai wala apu. Nakiweka juu kwa sababu kina betri ndogo inayoendeleza saa wakati umeme umekatika. Umeme ukirudi, taima inajua ni saa ngapi na inafanya kile ilichopangiwa kwa saa hiyo. Kama taa ya nje ilipaswa kuzima saa 12 asubuhi, itazima saa 12.

Dukani usiondoke kabla hujaijaribu. Mwambie muuzaji aichomeke, weka saa, kisha ichomoe na usubiri dakika chache. Kioo kikifutika papo hapo, ama betri haijachajiwa ama imekufa. Mpya hasa huhitaji kukaa kwenye umeme saa kadhaa kwanza, kwa hiyo omba ruhusa ya kuirudisha kama kesho yake bado inasahau. Kitu kingine kinachowaponza watu ni saa yenyewe: kioo kinahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa 10:30 alfajiri ni 04:30. Jirani yangu aliandika 10:30 akawa anaoga maji baridi wiki nzima, huku hita ikichemsha saa 4:30 asubuhi wakati nyumba haina mtu.

Namba 2: plagi janja yenye kupima umeme

Nasisitiza yenye kupima. Plagi inayowasha na kuzima tu kwa simu ni starehe, lakini inayoonyesha wati na yuniti inakuambia Luku yako inakwenda wapi. Ichomeke siku mbili mbili kwenye kila kifaa, na utajua kama runinga, king'amuzi na sabufa vikiwa vimezimwa kwa rimoti vinakula kitu cha maana au la.

Udhaifu wake unaonekana umeme ukirudi. Ingia kwenye mipangilio ya apu, kwenye Smart Life mara nyingi pameandikwa `Relay Status`, uchague plagi ikae vipi baada ya umeme kurudi: izime, iwake, au irudie ilivyokuwa. Kwa kitu chochote chenye joto au mota, chagua izime. Pili, plagi nyingi hazina betri ya saa. Zikiamka huuliza saa kwenye mtandao. Kifurushi kikiwa kimeisha, ratiba inaweza isifanye kazi kabisa. Ijaribu nyumbani: zima ruta, chomoa plagi, irudishe, halafu uone kama ratiba ya dakika kumi zijazo itafuatwa. Na usiweke ruta yenyewe kwenye plagi hiyo ukitegemea kuiwasha kwa simu. Ukishaizima, plagi imepoteza wai-fai yake, na amri ya kuwasha haitaifikia.

Hakikisha pia ina pini tatu bapa kama soketi zetu. Zile za pini mbili za mviringo hulazimishwa kwa adapta, na adapta nyingi hazipitishi waya wa athi. Kwa taa ya meza yenye mwili wa plastiki unaweza usione tofauti. Kwa kifaa chenye mwili wa chuma na maji ndani, athi ndiyo inayokulinda usipigwe shoti.

Namba 3: taima ya kuzungusha, yenye vipini pembeni

Ni rahisi na imara, hata bibi anaielewa kwa kuiangalia. Tatizo ni kwamba gurudumu lake linazungushwa na umeme huohuo wa ukutani. Ukikatika kwa muda wa saa mbili, taima inachelewa kwa saa mbili: taa iliyokuwa ikiwaka saa 12:30 jioni sasa inawaka saa 2:30 usiku, na itabaki hivyo mpaka uizungushe kwa mkono. Inunue kama eneo lako halikatiki sana, au kwa kazi ambayo kuchelewa hakuna madhara.

Hita ya maji: hapa ndipo penye faida

Nazungumzia hita ya tangi, ile inayotunza maji ya moto. Ile ya papo kwa papo ya bafuni, ya wati 5,000 na kuendelea, haihusiki. Hiyo ina waya wake na swichi yake, inakula umeme ukiwa unaoga tu, na hakuna plagi ya nyumbani inayoweza kuibeba.

Niko Arusha, tangi letu ni la lita 50, elementi ya wati 1,500. Kupasha lita moja kwa digrii moja kunahitaji kama wati-saa 1.16. Maji yakiingia na digrii 20 ukayataka 60, hiyo ni 50 mara 40 mara 1.16, yaani kama yuniti 2.3, na elementi yetu itachukua saa moja na nusu hivi. Kiasi hicho taima haikipunguzi. Ukitaka maji ya moto utakilipia.

Kinachopungua ni joto linalovuja. Hita isiyozimwa hupoteza joto kupitia kuta za tangi, thermostati inawasha tena, na hivyo mchana kutwa. Tuliposafiri tuliiacha makusudi iwake ikiwa kwenye plagi ya kupima: ilikula yuniti 1.4 kwa siku bila mtu kufungua bomba. Sasa inawaka 04:30 na kuzima 06:15. Hatukuokoa yuniti zote 1.4, maana tangi linapoa pia likiwa limezimwa, na asubuhi lazima joto hilo lirudishwe. Kwa vipimo vyetu tumepunguza kama yuniti 0.9 kwa siku, yaani 27 kwa mwezi. Kwa sisi tunaonunua yuniti kwa takriban shilingi 356, hizo ni kama 9,600 kila mwezi.

Mbona basi hita nyingine zinaunguza plagi? Kwa sababu ya ampea. Wati 1,500 kwa volti 230 ni kama ampea 6.5, na plagi nzuri ya ampea 13 inaibeba bila shida. Hita ya wati 3,000 inafika ampea 13 kamili, kwa saa nzima bila kupumzika, na hapo pini na soketi huchemka. Kanuni yangu kwa vitu vya joto ni kutozidi wati 2,000 kwenye plagi yoyote, hata iwe imeandikwa nini. Hita kubwa kuliko hapo muachie fundi umeme aweke taima ya kubana kwenye reli ndani ya boksi la sakiti breka, ikiendesha kontakta, yaani swichi kubwa inayobeba mzigo mzito. Ni ghali zaidi, lakini ndiyo njia sahihi.

Baada ya hita, vinavyonufaika ni taa za nje na za ulinzi, chaja za betri unazotaka zikatike baada ya saa chache, mtungi wa maji ya kunywa wa ofisini ule wa kupasha tu unaowaka usiku kucha bila mnywaji, na kundi la runinga na sabufa.

Visivyochomekwa kamwe

Friji na friza. Thermostati tayari inazima na kuwasha kompresa, na joto litakaloingia wakati umezima litabidi litolewe baadaye, kwa hiyo hakuna cha maana utakachookoa. Hasara ndiyo ipo: kompresa ikizimwa na kuwashwa papo hapo huanza kusukuma dhidi ya gesi yenye presha bado, na hilo linaiua. Kinachofaa ni kile kilinda friji kinachosubiri dakika tatu hadi tano umeme ukirudi. Na kama ndani ya friji kuna insulini ya mtu, usiweke kabisa kitu kinachoweza kusahau saa.

Mashine ya oksijeni, na kitotoleshi cha mayai, ni hivyohivyo. Kitu ambacho kuzimika kwake ni msiba hakipewi swichi ya ziada.

Pasi, jiko la umeme na hita ya chumba. Ukiwa mbali huwezi kuona kama kuna kitenge kimeangukia juu yake. Kuna wanaosema, mimi naitumia kuzimia tu nikisahau. Hapo lazima ujue kinachotokea ndani ya plagi. Kinachokata umeme ni rilei, vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Mzigo ukiwa mkubwa vinatoa cheche kila vinapogusana, na siku moja vinaungana kama vimechomelewa.

Hilo nililiona kwenye pampu ya maji, ya nguvu farasi moja, niliyoichomeka kwenye plagi iliyoandikwa ampea 16. Pampu ikiwa inazunguka inakula kama ampea 5, kwa hiyo nilijiona niko salama. Sikuhesabu kuanza kwake: mota inapowashwa huvuta mara tano au zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Miezi minne baadaye, asubuhi moja, nilisikia maji yakimwagika kutoka tangi la juu. Apu ilisema imezima. Nilibonyeza kuwasha, nikabonyeza kuzima, plagi ikatoa mlio wa tiki dhaifu na pampu ikaendelea. Nilipoifungua nilikuta vile vipande vimeshikana, na plastiki pembeni yake imegeuka rangi ya kahawia.

Ningesoma lebo ya taima yangu ya dijitali ningelijua hilo bila gharama. Imeandikwa 16(2)A. Namba ya nje ya mabano ni ya vitu vya joto kama hita; ya ndani ni ya mota. Ampea mbili tu. Lebo ikikosa namba ya mabano, chukulia kwamba kifaa hakikutengenezewa mota.

Pampu sasa ina kontakta yake na boya ndani ya tangi. Plagi ya hita naikagua kila mwisho wa mwezi: ikiwa imewaka kwa saa nzima naigusa, kisha nazima kwa apu na kwenda kuangalia taa ya hita yenyewe kama kweli imezimika.