Ripoti tupu: saa ya kuendeshwa au saa ya data?

Chukua ghala la mahindi pale Kibaigwa. Kila asubuhi mfumo unatuma ripoti ya malori yaliyopimwa bila kulipiwa. Leo imekuja na sifuri. Mhasibu aliyeko Dodoma mjini aamini?

Njia ya kwanza ni kuandika saa ripoti ilipoendeshwa. Ni rahisi, mstari mmoja tu wa msimbo, lakini inathibitisha kwamba programu iliamka, basi. Kama intaneti ya mizani ilikatika jana jioni, sifuri hiyo itabeba saa ya leo na kuonekana mbichi kabisa.

Njia ya pili ni kuonyesha data imefika hadi lini:

```
Rekodi: 0
Data hadi: 2025-06-10 18:40 EAT
Imeendeshwa: 2025-06-11 06:00 EAT
```

Hapo mhasibu anaona pengo la zaidi ya saa kumi na moja, anapiga simu ghalani kabla ya kufunga hesabu.

Njia hii ina mtego wake. Ukitafuta `MAX(muda)` ndani ya safu zilezile zilizochujwa, matokeo yakiwa matupu utapata `NULL`, yaani saa inapotea pale inapohitajika zaidi. Ukiitafuta kwenye jedwali zima, siku isiyo na lori itafanana na siku ya intaneti kukatika. Mimi huchukua saa ambayo kazi ya kunakili data kutoka kwenye mizani ilikamilika salama mara ya mwisho, hata kama ilinakili safu sifuri.