Betri tatu za akiba, mbili zimevimba, na muuzaji mwenye mdomo

Napiga picha za harusi hapa Mombasa. Betri tatu za akiba za kamera nilinunua duka fulani mjini, na jamaa wa kaunta akaniambia, "Braza, chaji mpaka ijae, weka, sahau." Nikasahau kweli. Kaskazi yote zilikaa juu ya kabati, chini ya mabati.

Kazi ziliporudi nikazitoa. Ya kwanza ikakataa kuingia kwenye kamera. Nikailaza mezani, ikayumba, tumbo limejaa. Ya pili vilevile. Nikawarudia dukani. Jamaa hata hakuishika! "Hii umeichezea wewe," huku macho yapo kwenye simu. Hapo ndipo nilipochemka.

Maana ushauri wake ndio uliozimaliza. Betri ya lithiamu ikijaa pomoni halafu ikapikwa na joto, majimaji ya ndani huvunjika na kutoa gesi, ndiyo ule uvimbe. Ya kuhifadhi huachwa nusu hivi, asilimia 40 hadi 60. Kwenye mita, hizi zangu za seli mbili husoma karibu volti 7.6; zikijaa ni 8.4. Tupu nayo mbaya, kwa sababu inajimwaga polepole yenyewe. Ikishuka chini kabisa, shaba ya ndani huanza kuyeyuka, na ukiichaji tena inaweza kupiga shoti. Iliyofika huko usijaribu kuifufua.

Ya tatu ndiyo iliyonichanganya. Duka lile lile, siku ile ile, ila niliitumia nusu nikaisahau kwenye begi, chumba cha chini kisichopigwa na jua. Haina uvimbe, vyuma havina kutu, mita ikasoma 7.5. Nikaichaji juu ya sakafu ya simenti nikiwa nimekaa pale pale, naigusa kila baada ya muda: vuguvugu tu. Ilipojaa nikaichomoa, ikalala usiku kucha, asubuhi nikapima tena. 8.3. Ingeanguka sana bila kutumika, ningejua ndani inavuja.

Kwa hiyo nakiri, betri si mbovu. Nusu ya kosa ni langu na mabati yangu. Nilianza kuandika nikitaka kuwapa nyota moja, sasa betri nazipa nne. Duka halipati kitu!

Siku hizi akiba zangu zinakaa kwenye kopo lenye mfuniko, kila moja na kifuniko chake cha plastiki, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu, maana hewa ya pwani inakula chuma. Mama alisema nizitie friji. Nilikataa: ukizitoa humo zinatoka jasho, na jasho ndilo kutu. Kila miezi mitatu hivi napima, iliyoshuka naipandisha kidogo.

Zile mbili zilizovimba bado zimo kwenye debe la mchanga uani, sijazitoboa wala kuzitupa jaani. Ya tatu Jumamosi ilibeba nikahi nzima. Nitanunua nyingine za aina hiyo hiyo, kwa yule mzee wa duka la pili.