Mkeka mmeukubali wenyewe, mechi imeisha ndo mnaufuta

Kwenu kitengo cha malalamiko, naandika nikiwa na hasira na sitajifanya sina.

Juzi kati hapa nilibeti magoli zaidi ya 1.5, odi 3.60, dau elfu kumi. Mfumo wenu ukaipokea, namba ya tiketi ikaja, hela ikakatwa papo hapo. Mechi imeisha 2-1. Nasubiri elfu thelathini na sita naona dau langu limerudi kwenye salio na neno moja tu, imeghairiwa.

Sasa kijana wenu wa huduma kwa wateja ananiambia "odi ilikuwa na hitilafu ya wazi, hata wewe uliona". Ndiyo kaka, niliona! Zaidi ya 2.5 ilikuwa 1.90, na huwezi kufikisha magoli matatu bila kupita mawili, kwa hiyo zaidi ya 1.5 lazima iwe chini ya hapo. Mligeuza, ya zaidi mkaiweka kwenye chini na ya chini mkaiweka kwenye zaidi, chini ya 1.5 ilisoma 1.27, skrinshoti ninayo. Lakini kama ni ya wazi hivyo mbona nyie wenye bei hamkuiona kabla ya mpira kuanza, dakika tisini zote kimya, mpaka filimbi ya mwisho ndo macho yanafunguka?

Nikamuuliza, ingeisha 1-0 mngenirudishia dau? Kimya. Na wale waliobeti chini ya 1.5 kwa 1.27 wakati bei yao halali ilikuwa 3.60, wakaliwa, wao wamerudishiwa? Hitilafu ni ileile, mechi ileile. Akasema "hiyo ni kesi nyingine" akafunga chati. Akafunga chati jamani!

Nimeenda kusoma masharti yenu, maana nyie ndo mnapenda kuyataja. Yanasema odi ikikosewa tiketi inalipwa kwa odi sahihi. Hayasemi inafutwa. Odi sahihi ni hiyo 1.27, nami nimeshinda, kwa hiyo hata kwa sheria zenu mlizoandika wenyewe nadai elfu kumi na mbili na mia saba, nyie mmerudisha kumi.

Kusema kweli nilivyoanza kuandika nilikuwa tayari kuichukua hiyo hela ndogo yaishe, na kutoa hela huwa mnatoa haraka, hapo siwasingizii. Ila nikikumbuka ile chati ilivyofungwa, hapana. Nataka 3.60 yote. Mkishindwa, nileteeni kwa maandishi saa mliyogundua kosa na orodha ya tiketi za chini ya 1.5 mlizorudishia, bila majina, namba tu. Mkikosa vyote viwili barua hii na skrinshoti vinaenda kwa aliyewapa leseni.