Sahiwal au Boran? Angalia picha hivi kabla utume pesa

Juzi jirani yangu hapa Njoro ametumiwa picha ya ng'ombe mwekundu, broka anasema ni Sahiwal. Sasa rangi pekee itakudanganya, juu Sahiwal kawaida ni mwekundu-kahawia lakini pia kuna Boran wekundu, si weupe tu. Nundu pia haisaidii sana, wote wanayo, inakuambia tu hii si Friesian safi.

Pembe za Sahiwal mara nyingi ni fupi na nene, lakini za Boran pia ni fupi, na zikikatwa hapo umekwama. Mimi naenda kwa mwili. Sahiwal ngozi imelegea, ile ya shingo inaning'inia na ya kitovu pia, na jike aliyezaa ana kiwele kikubwa. Boran amejaa nyama mgongoni na mapajani, kiwele kidogo.

Ile picha ilipigwa kutoka mbele, kiwele hakionekani, nikamwambia aitishe ya ubavuni, ng'ombe amesimama sawa. Kama unataka maziwa, kiwele ndio ukague kwanza, wa kuuza nyama uangalie mapaja, na akiwa chotara picha haitoshi, nenda umwone.